Ameingia Mitini, na Simu Yake Inaita

Uhusiano wa siku hizi unaweza kufa bila mtu kufungua kinywa. Mmekuwa mkichati kuanzia "umeamkaje" hadi "lala salama" kwa wiki sita au saba, kisha siku moja mwenzako hajibu, kesho yake hajibu, na keshokutwa unaona ameweka stetasi akiwa uwanjani na jezi mpya. Dar es Salaam wanasema amekukaushia. Nairobi watakwambia umeblutikiwa. Wazee wangesema ameingia mitini. Kwa aliyeachwa na simu mkononi, maumivu haya hayafanani na ya kuambiwa kinagaubaga "tuachane", na ndiyo maana ushauri unaomfaa aliyeachwa kwa maneno humsaidia kidogo sana aliyeachwa kwa kimya.

Nitatumia mfano mmoja. Si kisa cha mtu mmoja, nimeuunganisha kutokana na mengi yanayosimuliwa, na watakaojiona humo watanisamehe. Binti wa miaka 27, mhasibu wa Saccos mjini Morogoro, anakutana na kijana kwenye sendi-ofu Dar es Salaam. Kijana anafanya kazi Dodoma. Wanapeana namba, na kuanzia usiku ule hawaachani kwenye WhatsApp. Binti anatumiwa picha ya chai kabla hajafika ofisini. Mchana anaulizwa kama amekula. Usiku ni ujumbe wa sauti, mwingine wa dakika nne au tano, anasimuliwa habari za baba aliyefariki kijana akiwa kidato cha pili, jambo ambalo kijana anaapa hajawahi kumwambia mtu. Katika wiki saba wanaonana ana kwa ana mara tatu, zote Morogoro, kijana akiwa njiani kwenda au kutoka Dar. Wiki ya nne wanapanga kwenda Iringa pamoja sikukuu ya Pasaka. Wiki ya sita majibu yanaanza kufupika: "poa", "nipo bize kidogo", "nitakucheki". Jumanne ya wiki ya nane, kimya.

Siku tatu za kwanza kazi yote ni kusoma tiki. Inafaa kujua tiki hizo zinasema nini hasa, maana watu huzibebesha mzigo zisizouweza. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake: pengine simu imezima, bando limeisha, amepoteza simu, au amekubloku. Mbili za kijivu, umefika. Mbili za bluu, umefunguliwa. Lakini mtu akizima taarifa za kusomwa kwenye mipangilio yake, hutaona bluu hata akiusoma ujumbe wako mara kumi, na wapo wanaousoma wote juu ya kioo bila kuufungua. Kubloku nako hakuthibitiki kwa macho. WhatsApp wenyewe wanaeleza kwamba wamezifanya dalili zake ziwe na utata kwa makusudi, ili kumlinda aliyebloku. Picha ikitoweka, muda wa mwisho wa kuonekana ukipotea, tiki ikabaki moja na simu ya WhatsApp isipite, hayo yote kwa pamoja yanaashiria tu.

Mafundi wa mambo haya wanajua kwamba ujumbe wa sauti humchongea msikilizaji hata kama amezima taarifa za kusomwa: akiusikiliza, utajua. Basi hutuma sauti ya sekunde mbili kama mtego. Sawa, umemnasa. Sasa unajua kwamba amesikiliza na hajajibu, na usiku huo utalala vibaya kuliko jana.

Siku ya nne, Ijumaa, kijana anaweka stetasi kutoka Uwanja wa Jamhuri. Hapo swali moja muhimu limejibiwa: yu hai, mzima, simu anayo na bando analo. Kabla ya dalili ya namna hiyo, wasiwasi wa binti ulikuwa na haki yake. Watu hupata ajali, hulazwa, hufiwa, huibiwa simu pale Ubungo. Kama mwenzako amepotea kabisa na hakuna dalili yoyote, kumuuliza mtu anayemfahamu "ni mzima?" si kujidhalilisha. Ila swali liwe hilo tu, na likijibiwa usiongeze la pili. Baada ya stetasi ya uwanjani, binti hana tena tatizo la mawasiliano. Ana tatizo la uamuzi ambao umefanywa upande wa pili bila yeye kuambiwa.

Watu wazima hupenda kucheka hapa. Mtu mmeonana mara tatu, unalilia nini? Swali lina jibu, na lilianza kutolewa kabla hata simu za kioo hazijazaliwa. Mwaka 1996 mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, Joseph Walther, alieleza kwa nini watu wanaofahamiana kwa maandishi wanaweza kupendana haraka na kwa kina kuliko wanaoonana kila siku. Anayeandika ana nafasi ya kujichagua: anafuta, anarekebisha, anatuma sura yake nzuri tu. Anayesoma hapati harufu ya jasho, uso wa kuchoka wala namna mtu anavyomsemesha mhudumu wa hoteli, kwa hiyo mapengo yote anayajaza mwenyewe, na huyajaza kwa mema. Kisha anamjibu yule mtu aliyemjenga, na yule wa upande wa pili, akiona anavyotazamwa, anajitahidi kufanana na picha hiyo. Wanapandishana hivyo kila usiku.

Kwa hiyo ukaribu wa wiki saba ni wa kweli kwa maana kwamba hisia zilikuwa za kweli, na siri ya kifo cha baba huenda ilikuwa ya kweli pia. Lakini sehemu kubwa ya mtu aliyepotea ilitengenezwa Morogoro. Binti anamkumbuka kijana mpole, mwenye subira, asiyekasirika. Je, amewahi kumwona akicheleweshewa basi? Amewahi kumwona akidaiwa? Mara tatu alizomwona zilikuwa za saa chache, kijana amevaa vizuri na ana safari. Simshauri aamini kwamba alidanganywa. Ninachosema ni kwamba sehemu ya anachokilia ni kazi ya mikono yake mwenyewe, na hiyo hakuna aliyeondoka nayo.

Kuna kitu kingine kinachofanya kimya kiume kuliko tusi. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa ameketi bustanini siku moja, kisahani cha kuchezea cha watu wawili asiowajua kikamwangukia. Akawarudishia, wakamrushia tena, wakacheza watatu kwa muda. Kisha wale wawili wakaacha kumrushia, bila neno. Alishangaa jinsi ilivyomchoma, tena kwa watu ambao dakika chache nyuma hakujua kama wapo duniani. Akageuza tukio hilo kuwa jaribio: mtu anakaa mbele ya kompyuta na kucheza kurushiana mpira na wachezaji wengine wawili, na baada ya mirusho michache hapewi tena. Ndani ya dakika hizo chache watu hujiona hawana thamani, hawana mahali, hawana udhibiti wa lolote. Mwaka 2004 yeye na wenzake wakaonyesha jambo la ajabu zaidi: maumivu yalikuwepo hata pale wahusika walipoambiwa waziwazi kwamba wanacheza na kompyuta tu.

Naliona tokeo hilo kuwa la msaada mkubwa kwa aliyekaushiwa. Kama tunaumia kwa kunyimwa mpira na mashine, basi ukali wa maumivu si kipimo cha ubora wa mtu aliyetunyima. Binti anapojiambia "nisingeumia hivi kama hakuwa wangu", anasoma kipimo kisicho sahihi. Anaumia hivi kwa sababu ametengwa, na binadamu ameumbwa kuogopa kutengwa kuliko anavyokiri.

Halafu kuna suala la kutojua. Miaka ya 1970 Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, aliwachunguza wake wa marubani wa kijeshi waliopotea katika vita ya Vietnam. Mume hajulikani kama amekufa au yu hai. Mke hawezi kukaa matanga wala kuishi kama mke. Boss aliona kwamba huzuni ya namna hii haifuati njia ya msiba wa kawaida. Inaganda, kwa kuwa msiba unahitaji maiti, kaburi, watu wa kukuambia pole. Sithubutu kumlinganisha binti wa Saccos na mjane wa vita, na Boss mwenyewe alikuwa akizungumzia hasara nzito. Lakini umbo la jambo ni lile lile: mtu hayupo, na wala hajaondoka. Jina lake lipo juu kwenye orodha ya chati. Stetasi yake ina duara la kijani. Nani atakupa pole kwa kuachwa na mtu ambaye hata nyumbani hawakujua kwamba unaye?

Hilo la nyumbani kutojua linanirudisha kwenye swali ambalo kila aliyekaushiwa huliuliza: kwa nini asiseme tu? Sentensi moja ingemgharimu nini?

Katika mila zetu nyingi mambo ya posa hayakuachwa mikononi mwa wawili. Alikuwepo mshenga aliyepeleka maneno na kurudisha majibu. Familia ikibadili nia, mshenga ndiye aliyebeba ile aibu, akaifunga kwa lugha ya adabu na kuifikisha. Mpangilio ule ulikuwa na mabaya yake, na wasichana wengi waliozwa kwa watu wasiowataka kupitia washenga hao hao. Lakini kwa jambo hili moja ulifanya kazi: kukataa kulikuwa na njia, na aliyekataa bila kusema angeulizwa na wazee. Chati za wiki saba hazina mshenga. Kijana wa Dodoma hamjui mama wa binti, binti hamjui rafiki yake hata mmoja, na hawakai mtaa mmoja. Akiyeyuka hakuna atakayemuuliza. Kinachobaki ni aibu yake mwenyewe ya kuandika sentensi ngumu, na kila siku anayoahirisha, sentensi inazidi kuwa ngumu, kwa kuwa sasa lazima aeleze pia kwa nini alinyamaza Jumanne. Wengi wanaokausha hawakuanza kwa nia ya kukausha. Walianza kwa kuahirisha.

Wapo pia wanaoamini kwamba hawana deni. Gili Freedman na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walikuta kwamba watu wenye imani thabiti kwamba wapenzi ama wameandikiana au hawakuandikiana waliona kutoweka kimya kuwa jambo linalokubalika zaidi. Ukiwazia mantiki yao, inaeleweka: kama si riziki, maelezo ya nini? Mwingine ana mtu tayari. Mwingine alikuwa akijiliwaza baada ya kuachwa kwingine. Mwingine aliona ukaribu unamzidi kimo akaogopa. Unaweza kuziandika sababu kumi zote zinazowezekana, na kwa mbali utakapokaa wewe, dalili zake zinafanana: majibu mafupi, kisha kimya. Kutokana na dalili hizo huwezi kurudi nyuma na kujua ni ipi. Hapo ndipo uchunguzi unapokwama, hata ukiwa na akili kiasi gani.

Binti wetu hakujua hilo, akachunguza. Jumamosi alipiga kwa namba yake, ikaita hadi ikakatika. Jumapili akapiga kwa laini ya rafiki yake. Kijana akapokea, akasikia sauti, akasema "nipo barabarani nitakupigia", akajizima data moja kwa moja. Wiki iliyofuata akamtafuta dada aliyewaalika wote wawili kwenye ile sendi-ofu. Dada akamuuliza kijana, akaleta jibu: "Anasema ana mambo mengi, muda haujawa mzuri."

Hebu tulitazame jibu hilo, kwa kuwa ndilo zawadi ya msako wote. Mambo gani? Muda utakuwa mzuri lini? Ina maana angesubiri? Kwa nini amwambie dada na si yeye? Binti alikuwa na swali moja, sasa ana manne. Na sikufichi, hata kijana angeandika kurasa mbili za maelezo ya kweli kabisa, mathalani kwamba amerudiana na mzazi mwenzake, bado usiku ule binti angeuliza: tangu lini? Siku ile ananiambia habari za Iringa, alikuwa tayari naye? Mtu anapotafuta maelezo katika hali hii, mara nyingi anachokitaka hasa ni sauti, na kwamba ndani ya sauti hiyo mambo yageuke. Maelezo peke yake hayana uwezo huo.

Tena kila jaribio lina gharama yake. Katika miaka ya 1950 B. F. Skinner na Charles Ferster walifundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate nafaka. Njiwa aliyepewa nafaka kila anapodonoa aliacha upesi ugavi ulipokatwa. Aliyezoeshwa kupata bila mpango, mara baada ya midonoo michache, mara baada ya mingi, aliendelea kudonoa muda mrefu sana bila kupata chochote, kwa sababu kukosa kulikuwa sehemu ya mchezo tangu mwanzo. Mashine za kamari zilizotapakaa mitaani zinakula fedha za vijana kwa kanuni hiyo hiyo. Sasa rudi kwenye wiki ya sita ya binti: jibu linakuja baada ya saa moja, lingine baada ya siku nzima, lingine lina kopa mbili, lingine ni "poa". Bila yeyote kukusudia, binti alizoeshwa kungoja bila mpango. Ile "nipo barabarani nitakupigia" ilikuwa punje moja ya nafaka. Ilimpa siku kumi nyingine za kudonoa.

Kutokana na hapo ndipo ninapopata kanuni ninayoiamini: ujumbe mmoja, ulio wazi, kisha basi. Ujumbe mmoja una faida, kwa sababu unaondoa uwezekano kwamba kimya kilitokana na kutoelewana, na unakupa wewe mwisho ulioupanga mwenyewe. Wa pili na wa tatu havina kazi iliyobaki ya kufanya. Muda wa kuutuma nao una maana. Usiupime kwa saa, upime kwa desturi yenu. Watu waliokuwa wakiandikiana mara mbili kwa wiki, siku tano za kimya si kitu. Waliokuwa wakiandikiana kutwa nzima, siku tatu hadi nne zinatosha kuuliza. Na uandikwe mchana, si saa sita za usiku, kwa kuwa maandishi ya usiku hurefuka.

Kwa binti wa Morogoro ningependekeza kitu kama hiki: "Habari yako. Naona tumenyamaziana tangu Jumanne. Kama kuna jambo limekupata, niambie, nitaelewa. Kama umeona tusiendelee, niambie pia, sitakugombeza. Nisipokusikia hadi Jumapili nitachukulia kwamba tumeishia hapa, na nakutakia mema." Hakuna lawama ndani yake, wala swali la "kwa nini", ambalo humpa mtu mwoga sababu nyingine ya kukimbia. Ina tarehe. Tarehe hiyo si ya kumtisha kijana. Ni ya binti mwenyewe, ili Jumatatu asianze kujadiliana na nafsi yake kama angoje wiki moja zaidi. Wapo wanaoona hata ujumbe huo ni mwingi, kwamba kimya kijibiwe kwa kimya. Siwapingi sana. Anayejijua kwamba akituma mmoja atatuma kumi, asitume kabisa.

Jumatatu ikifika bila jibu, kazi iliyobaki ni ya mikono. Chati ipelekwe kwenye "Archived": haifutiki, ila haikai tena juu ya orodha, na kwa mpangilio wa sasa inabaki huko hata ujumbe mpya ukiingia, mradi hujaubadilisha. Stetasi zake zinyamazishwe. Hili la pili ndilo gumu, maana stetasi hutoa ile nafaka ya bila mpango: leo hakuna kitu, kesho kuna wimbo wa mapenzi, nawe unakesha ukiuchambua kama ni wako. Kisha stetasi zako wewe. Watu wengi hudhani wameacha kumtafuta mtu huku kila picha wanayoweka ni ya kutazamwa na yeye, na kila baada ya nusu saa wanafungua orodha ya waliotazama. Mwondoe kwenye orodha ya wanaoziona, na uone kama bado una hamu ya kuweka picha ile. Kubloku ni hiari. Kunawafaa wale ambao vidole vyao haviwatii. Kufuta chati zote usiku wa hasira hakushauriki, kwa kuwa wengi hujuta kesho yake na hujikuta wanazisoma kwa kumbukumbu, ambazo ni tamu kuliko zilivyokuwa.

Mashoga nao watakuja na dawa yao, ambayo ni kumsema. Kwanza alikuwa mfupi. Kwanza viatu vyake. Dawa hii imewahi kupimwa. Mwaka 2018 Sandra Langeslag na Michelle Sanchez walichapisha jaribio juu ya watu walioachana na wapenzi wao. Waliokumbushwa mabaya ya mpenzi, mapenzi yao yalipungua kidogo, lakini hali yao ya moyo ikawa mbaya zaidi kwa wakati ule. Waliopotezwa mawazo kwa kufikiria mambo mengine walijisikia vizuri zaidi, ila mapenzi yalibaki pale pale. Ni jaribio la muda mfupi, halisemi lolote kuhusu miezi sita ijayo, lakini linaeleza kitu ambacho walioachwa hukilalamikia: wanatoka kibarazani kwa mashoga wakiwa wamecheka sana na kuchoka zaidi. Ningesema zote mbili zina saa yake. Siku ambayo mkono unaenda kwenye simu, kumbuka "nipo barabarani". Siku ambayo unahitaji tu kupumua, nenda mazoezi ya kwaya, kamata hesabu za mwisho wa mwezi, panda basi ukamwone shangazi.

Boss, yule wa wake wa marubani, hakuwaambia wanawake wale wasubiri ukweli ndipo waishi. Aliwasaidia kushika mawazo mawili kwa pamoja bila kulazimisha moja lishinde. Kwa kipimo kidogo cha kisa chetu, binti anaweza kusema: alinijali kwa namna yake katika wiki zile, na ameondoka kwa namna ya kunikosea heshima. Akilazimisha liwe moja tu, atashinda akijadili kesi. Akisema "alikuwa tapeli tangu mwanzo", atakumbuka sauti iliyotetemeka ilipotaja kifo cha baba. Akisema "alinipenda kweli", atakumbuka simu iliyokatwa. Yote mawili yalitokea.

Utapeli wenyewe upo, na una alama yake ambayo kisa hiki hakina: fedha. Kama kabla ya kutoweka kulikuwa na mzigo uliokwama bandarini, mama aliyehitaji upasuaji, au "nikopeshe hadi mwisho wa mwezi", basi acha kufikiria mapenzi. Hifadhi chati, namba na risiti za miamala, peleka polisi na kwa kampuni ya simu, na usimtahadharishe kwa matusi kabla hujafanya hivyo.

Imebaki wiki ya kumi na tano, kwa sababu wengi wa hawa hurudi. Saa nne za usiku inaingia "Mambo, umepotea sana". Zingatia nani amepotea. Si lazima kujibu, na asiyejibu hana kosa. Lakini binti akitaka kujibu, asitazame utamu wa salamu, atazame kama ndani yake kuna jambo lililotajwa. Mtu aliyerudi kwa uzito hutaja kimya chake bila kuulizwa: nilinyamaza, nilikosea, ilikuwa hivi na hivi. Aliyerudi kupima maji huanza kana kwamba jana ndiyo mlilala mkichati. Kwa huyo wa pili jibu fupi linatosha: "Poa. Tuliishia pale Jumapili niliyokuandikia. Nakutakia mema." Akiuliza Jumapili ipi, anao ujumbe kwenye simu yake, akausome.